Samaki waliotupwa Badagara: mkono usioonekana sokoni na baharini

Alfajiri ya tarehe 14 Januari 1997, katika diko la Badagara kwenye pwani ya Kerala, kusini-magharibi mwa India, wavuvi 11 walifika na vyombo vyao vimejaa saradini na hawakupata wa kuwauzia. Wachuuzi wa siku hiyo walikuwa wameshajaza magari na kuondoka. Wavuvi wakamwaga samaki. Asubuhi hiyohiyo, katika madiko mengine mawili yaliyo ndani ya kilomita 15, wachuuzi 27 walikuwa wanajiandaa kurudi mikono mitupu, na bei huko ilikuwa imekaribia rupia 10 kwa kilo. Samaki walikuwepo, wanunuzi walikuwepo, na fedha ilikuwepo.

Tunaijua siku hii kwa undani kwa sababu mchumi Robert Jensen alikuwa ameweka watu wa kuandika bei na mauzo katika madiko 15 ya wilaya tatu za kaskazini mwa Kerala: Kozhikode, Kannur na Kasaragod. Kila wiki, kuanzia Septemba 1996 hadi Mei 2001, wavuvi 300 wa saradini waliulizwa walichovua, walikouza, kwa bei gani, na walichotupa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Sijaona kisa kinachoonyesha waziwazi kuliko hiki namna biashara ya kila mtu kujitafutia chake inavyoweza kuwahudumia watu asiowafahamu. Na pwani hiyohiyo, kwa samaki haohao, imeonyesha pia pale namna hiyo inapokwama. Ndiyo maana naona inafaa kukaa nacho kisa kimoja hiki badala ya kurukaruka kwenye mifano kumi.

Kwanza tuelewe kwa nini samaki walitupwa. Saradini wa Kerala, ambao wenyeji huwaita mathi, ni ndugu wa dagaa papa wa pwani yetu. Ana mafuta mengi, na ni samaki wa mtu wa kawaida: huliwa karibu kila siku, wala hana bei ya kutisha. Mafuta hayohayo humfanya aoze upesi. Wakati huo wavuvi wadogo hawakuwa na barafu ya kutosha wala ghala la baridi, kwa hiyo samaki aliyevuliwa usiku ilibidi auzwe asubuhi ileile. Mnada ulianza alfajiri, na saa mbili asubuhi shughuli ilikuwa imekwisha. Kusafirisha samaki kwa barabara kutoka diko moja hadi lingine hakukulipa: barabara zilikuwa mbovu, na muda ulikuwa mfupi.

Sasa mweke nahodha kwenye hali hiyo. Yuko kilomita kadhaa baharini, wavu umetoa samaki wengi. Anajua kwamba akivua vizuri, huenda na jirani zake wamevua vizuri, kwa sababu kundi la saradini likikaribia ufukwe huonwa na wengi. Basi diko la nyumbani huenda limefurika. Kwingine huenda kukawa na njaa ya samaki. Lakini hajui ni wapi. Akienda kubahatisha anachoma mafuta, na akikuta kule nako kumefurika, hana muda wa kujaribu diko la tatu, kwa sababu mnada utakuwa umekwisha. Kwa hiyo anarudi nyumbani. Kabla ya simu, karibu wote waliuza katika diko lao. Huo haukuwa ujinga wala woga. Kwa habari alizokuwa nazo, kurudi nyumbani ndio uamuzi bora.

Hasara ya utaratibu huu ilikuwa kubwa. Kati ya asilimia 5 na 8 ya samaki waliovuliwa walitupwa, na hao ni samaki wazima, wanaoliwa. Na bei zilikuwa hazishikiki: siku moja, kilo ya samaki yuleyule iliuzwa karibu bure katika diko moja na kwa bei ya juu katika diko la jirani. Kwa wastani, bei za madiko zilitofautiana na wastani wa siku kwa kiasi cha asilimia 60 hadi 70.

Hapa ndipo wazo la Adam Smith linapohusika. Msomi huyu wa Uskochi aliyataja maneno "mkono usioonekana" mara moja tu katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, tena akizungumzia jambo finyu: mfanyabiashara anayependelea kuweka mtaji wake nchini kwake kwa sababu ya usalama, na bila kukusudia akaiongezea nchi pato. Lakini wazo lenyewe limeenea kitabu kizima, na linajulikana zaidi kwa mfano wake wa mchinja nyama, mtengeneza bia na mwoka mikate, ambao hutupatia chakula kwa kuangalia maslahi yao, si kwa kutuhurumia. Watu wengi huchukulia kwamba Smith alisema tamaa ni nzuri, au kwamba soko likiachwa huru hufanya mema daima. Hakusema hivyo. Katika kitabu hichohicho alionya kwamba watu wa kazi moja hawakutani mara nyingi bila mazungumzo yao kuishia kwenye njama dhidi ya umma, au hila ya kupandisha bei. Alichodai ni kidogo zaidi na kizito zaidi: kwamba katika mazingira fulani, mtu anayejitafutia faida huongozwa kutimiza jambo ambalo halikuwa sehemu ya nia yake.

Swali la maana basi ni mazingira gani. Badagara mwaka 1997 kila mtu alijitafutia faida. Wavuvi walitaka bei nzuri, wachuuzi walitaka samaki. Hapakuwa na serikali iliyowazuia kuuza watakako, wala mtu aliyewapangia bei. Na bado samaki walitupwa huku walaji wakikosa. Tamaa ya faida ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni habari.

Simu za mkononi zilifika Kozhikode mwishoni mwa Januari 1997, wiki chache baada ya asubuhi ile. Zikafika Kannur Julai 1998, na Kasaragod Mei 2000. Minara mingi ilijengwa karibu na pwani, maana miji mikubwa iko pwani, na mawimbi yake yakafika hadi kilomita 20 au 25 baharini, kwenye maji yaleyale wanakovulia. Hakuna aliyejenga minara kwa ajili ya wavuvi. Kampuni zilifuata wateja wa mijini.

Huku kufika kwa zamu kuna umuhimu mkubwa kwa mtu anayetaka kujua sababu ya jambo. Kama simu zingefika wilaya zote siku moja, na bei zikatulia, mtu angeweza kusema ni msimu, au ni mafuta kushuka bei, au samaki wamebadilika. Lakini bei zilitulia Kozhikode simu zilipofika Kozhikode, huku Kannur na Kasaragod zikiendelea kuyumba kama zamani. Kisha zikatulia Kannur ilipofika zamu ya Kannur. Kasaragod ikaendelea kuyumba miaka miwili zaidi, mpaka nayo ikapata simu. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 60 ya vyombo vya uvuvi katika maeneo hayo, na wachuuzi wa jumla walio wengi, walikuwa wanatumia simu kuuzia na kununulia.

Tuingie ndani ya chombo kimoja tuone hesabu inavyokwenda. Namba hizi nimezitunga ili kuonyesha mwendo wa hesabu. Nahodha ana kilo 500. Anapiga simu diko la nyumbani, anaambiwa rupia 4 kwa kilo na bei inashuka. Anapiga diko la pili, kilomita 15 kaskazini, anaambiwa rupia 9. Tofauti ni rupia 5 kwa kilo, yaani rupia 2,500 kwa mzigo wote. Kwenda huko kutamgharimu rupia 400 zaidi za mafuta na muda. Anageuza chombo kuelekea kaskazini, na kabla hajafika anakubaliana na mchuuzi mmoja kwamba amsubiri.

Si yeye peke yake mwenye simu. Wengine nao wanageuza. Kila mzigo unaoshuka kaskazini unapunguza bei ya kule: kutoka 9 hadi 8, hadi 7 na nusu. Na kila mzigo usioshuka nyumbani unainua bei ya nyumbani: kutoka 4 hadi 5, hadi 6. Nahodha anayepiga simu wakati tofauti imebaki rupia 1 bado atakwenda, kwa sababu kilo 500 zitampa rupia 500 za ziada kwa gharama ya 400. Anayepiga simu tofauti ikiwa imefika rupia 0.80 anaona faida yote inaliwa na mafuta, hivyo anabaki. Hapo msafara unasimama wenyewe. Hakuna aliyetoa amri kwamba vyombo sita viende kaskazini na vinane vibaki. Idadi sahihi imejitokeza kutokana na kila mmoja kuangalia mfuko wake, na imesimama pale ambapo kuhamisha kilo moja zaidi kungegharimu kuliko faida inayoletwa na kuihamisha.

Katika takwimu za Jensen ndivyo ilivyotokea. Tofauti ya bei kati ya madiko ilishuka kutoka ile asilimia 60 hadi 70 mpaka 15 au chini yake. Samaki waliacha kutupwa kabisa. Siku ya kawaida, karibu theluthi moja ya wavuvi waliuza nje ya diko lao. Faida ya wavuvi iliongezeka kwa asilimia 8 kwa wastani, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Watu husoma namba hizi mbili za mwisho na kushuku, kwa sababu tumezoea kwamba muuzaji akipata, mnunuzi anapunjwa. Ufumbuzi uko kwenye samaki waliokuwa wanamwagwa. Chakula kilichokuwa kinapotea sasa kinaliwa, kwa hiyo pana kitu kipya cha kugawana, na pande zote mbili zimekipata.

Kuna jambo jingine ambalo mimi hulithamini zaidi ya wastani wowote. Wavuvi wasiokuwa na simu nao walifaidika. Hawakupiga simu hata moja, lakini jirani zao walipohamia kaskazini, diko la nyumbani halikufurika tena, na bei waliyoikuta ilikuwa ya kueleweka. Mwenye simu hakuwa na nia ya kumsaidia asiyekuwa nayo. Alimsaidia kwa kuondoka.

Wapo waliopoteza, na uchambuzi wa haki lazima uwataje. Mvuvi aliyezoea siku moja moja kukuta diko lake lina samaki wachache, akauza kwa bei ya juu sana, alipoteza siku hizo. Mchuuzi aliyezoea kuvizia asubuhi za mafuriko akanunua kwa bei ya kutupa, naye alipoteza. Kwa jumla hasara zao zilikuwa ndogo kuliko faida ya wengine, lakini neno "jumla" halimlipi mtu deni, na anayesema mkono usioonekana haumuumizi yeyote hajausoma vizuri mnada.

Sasa twende kwenye masharti. Kisa hiki kilifaulu kwa sababu mambo kadhaa yaliwekwa sawa bila kutajwa. Bei ilibeba habari ya kweli: ilipokuwa juu, kweli kulikuwa na watu wanaohitaji samaki. Nahodha alikuwa huru kuifuata bei hiyo. Wanunuzi walikuwa wengi, wakishindana mnadani. Na kupeleka samaki kaskazini badala ya kusini hakukumdhuru mtu aliye nje ya biashara. Ukiondoa mojawapo, matokeo yanabadilika, na Kerala yenyewe ina ushahidi.

Anza na uhuru wa kuifuata bei. Watafiti wawili, Janaki Srinivasan na Jenna Burrell, walirudi Kerala miaka kadhaa baadaye kuzungumza na wavuvi na madalali, na mwaka 2013 wakachapisha picha yenye mikunjo zaidi. Wavuvi wengi wa Kerala hununua chombo, injini na nyavu kwa mkopo unaotoka kwa dalali wa mnada. Dalali hadai riba kama benki. Anachodai ni kwamba samaki wote wapite mnadani kwake, naye akate kamisheni katika kila mauzo mpaka deni liishe, na deni lenyewe huwa haliishi upesi kwa sababu nyavu huchakaa na injini hufa. Mvuvi wa namna hii akipigiwa simu na kuambiwa diko la pili lina bei mara mbili, habari anayo, mafuta anayo, lakini ruhusa hana. Na hata pale mipango inapomruhusu kushusha kwingine, kamisheni ya dalali wake inamfuata.

Jambo hili halihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye mwalo wa Ziwa Victoria. Tajiri anatoa mtumbwi, injini na nyavu, mvuvi analeta samaki kwa bei ambayo tajiri ameipanga, na simu iliyo mfukoni mwa mvuvi inamwambia kwa usahihi kamili kiasi anachopunjwa. Lakini nisingependa kumfanya dalali kuwa shetani wa kisa. Yeye ndiye anayemkopesha mtu asiye na hati ya nyumba wala mshahara, ndiye anayempa fedha za chakula msimu wa pepo kali, ndiye anayepoteza chombo kikizama. Benki haifiki huko. Kwa hiyo ukivunja uhusiano huu kwa amri bila kuweka mkopo mwingine mahali pake, unamwachia mvuvi uhuru wa kuuza popote samaki ambao hana wavu wa kuwavua. Kinachotakiwa ni vyama vya ushirika na mikopo inayolipika bila kufunga mauzo, na Kerala ina shirikisho la ushirika wa wavuvi, Matsyafed, lililoanzishwa mwaka 1984 kwa makusudi ya aina hiyo.

Namna ya kutambua kwamba soko limekwama kwenye deni ni rahisi: linganisha bei ya watu wawili katika mwalo mmoja, asubuhi moja, kwa samaki wa ukubwa mmoja. Kama mwenye nyavu zake anapata zaidi kuliko mwenye nyavu za tajiri, na hakuna habari ambayo mmoja anayo na mwingine hana, basi tatizo si habari. Kuongeza simu au programu ya bei hakutalitibu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo iko baharini.

Bei ya mnadani inamwambia nahodha wanunuzi wako wapi na wana hamu kiasi gani. Haimwambii hata neno moja kuhusu samaki wangapi wamebaki. Kwenye soko la mahindi, mkulima akila mbegu zote mwaka huu, mwakani shamba lake ndilo litakuwa tupu, na kwa hiyo anatunza mbegu kwa faida yake mwenyewe. Saradini hana mwenyewe mpaka aingie wavuni. Aliyeachwa leo ili akue, kesho atavuliwa na mwingine.

Nitatunga hesabu nyingine. Chombo kimoja kati ya 100 kinazungushia wavu kundi la saradini wachanga, wenye urefu wa sentimita 8 hivi. Tani moja ya wachanga hao, ikiuzwa kwa rupia 8 kwa kilo, inaleta rupia 8,000 leo. Samaki akifikia urefu mara mbili ya alio nao, uzito wake huongezeka karibu mara nane. Tukitoa watakaokufa au kuliwa na samaki wakubwa, tuseme tani ile ingekuwa tani tatu baada ya miezi kadhaa, na kwa kuwa ni samaki wakubwa wangeuzwa rupia 15 kwa kilo: rupia 45,000. Kwa wavuvi wote pamoja, kusubiri kunalipa zaidi ya mara tano, na hatujahesabu mayai ambayo wangetaga. Lakini nahodha wetu akiwaacha, sehemu yake katika zile 45,000 ni moja ya mia, yaani rupia 450. Anachagua kati ya 8,000 na 450. Anavuta wavu. Na wale 99 wengine wana hesabu ileile.

Tazama kwamba nahodha huyu ni yuleyule wa mwanzo. Ana akili ileile na anafuata faida ileile. Alipoamua kwenda kaskazini, gharama zote za uamuzi wake zilitoka mfukoni mwake, mafuta na muda, na hivyo hesabu yake na hesabu ya jamii zilikubaliana. Alipoamua kuvuta wachanga, sehemu 99 kati ya 100 za gharama ziliangukia kwa wengine, na hakuna bei iliyomwonyesha. Mchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, aliliandika jambo hili kuhusu uvuvi mwaka 1954. Bahari isiyo na mwenyewe huvutia vyombo mpaka faida yote iishe, na mara nyingi mpaka samaki nao wapungue.

Yaliyotokea Kerala yanatisha. Mwaka 2012 saradini walioshushwa katika jimbo hilo walikaribia tani 400,000. Baada ya hapo walianguka, wakapanda kidogo, wakaanguka tena. Mwaka 2020 walikuwa takriban tani 13,000, na mwaka 2021 tani 3,300 hivi. Samaki wa mtu wa kawaida akawa adimu, na familia za wavuvi zikabaki na nyavu kubwa na madeni makubwa zaidi.

Ni lazima niseme kwa uangalifu: simu hazikusababisha anguko hili peke yake, wala siwezi kuonyesha ni kwa kiasi gani zilichangia. Saradini ni samaki wa kupanda na kushuka kwa asili. Maisha yake ni mafupi, miaka miwili na ushee, na kuzaliana kwake kunategemea maji baridi yenye chakula yanayopanda juu wakati wa kusi. Joto la bahari la El Ninyo ya mwaka 2015 liliharibu mazingira hayo. Watafiti wa taasisi ya uvuvi wa bahari ya India huko Kochi walihusisha anguko na mambo mawili pamoja: mabadiliko ya bahari, na uvuvi wa kupindukia uliojumuisha wachanga. Mawili hayo yanatiana nguvu. Hali ya hewa mbaya huwapunguza samaki, na vyombo vilivyojengwa kwa ajili ya mwaka wa neema havipungui nao. Mwenye deni haachi kwenda baharini kwa sababu samaki wamepungua. Anakwenda zaidi, na kwa wavu wenye macho madogo zaidi.

Bei yenyewe, iliyokuwa mwalimu mzuri Badagara, huanza hapa kufundisha kinyume. Samaki wakipungua, bei hupanda. Kwa mahindi, bei ikipanda watu hupanda mahindi zaidi. Kwa saradini wa bahari iliyo wazi, bei ikipanda inamlipa nahodha kuwafukuza hata wale wachache waliobaki. Na wachanga ambao mlaji angewakataa wamepata mnunuzi mwingine: viwanda vya unga wa samaki, ambavyo havijali urefu, vinanunua kwa uzito. Soko lilipokosa mnunuzi wa wachanga, walaji walikuwa ngao bila kujua. Mnunuzi alipopatikana, ngao iliondoka.

Jimbo la Kerala lilikuwa na marufuku ya trola, vyombo vinavyokokota nyavu kubwa, wakati wa kusi tangu mwaka 1988, ili samaki wazaliane. Mwaka 2015 likaongeza kanuni ya ukubwa wa chini: saradini asiyefikia sentimita 10 haruhusiwi kuvuliwa. Wapo wanaoona kanuni kama hizi ni kuingilia soko. Mimi naona zinafanya kazi ambayo bei haikuweza kuifanya: zinamwekea nahodha mbele ya macho ile sehemu ya gharama iliyokuwa inawaangukia wengine 99. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa visa vingi kwamba watumiaji wenyewe wanaweza kujiwekea sheria kama hizi na kuzilinda, mradi wajulikane ni akina nani, waweze kuchungana, na adhabu ianze ndogo. Uvuvi wa diko dogo mara nyingi hutimiza masharti hayo. Saradini wanaosafiri pwani nzima hufanya kazi iwe ngumu, maana diko linalojizuia linawalisha jirani wasiojizuia, na hapo ndipo jimbo zima, au nchi, inapohitajika.

Utekelezaji una ugumu wake. Askari hawezi kuwa juu ya kila chombo usiku, na wavu ukishavutwa wachanga wameshakufa. Kuwatoza faini wakati huo hakuwafufui. Lakini mnada uko wazi, unafanyika saa zinazojulikana, na samaki wamemwagwa chini mbele ya watu. Mtu mwenye rula anaweza kuchukua samaki 50 kutoka kila lundo, akawapima, akaandika. Wakianza kupungua urefu mwezi hadi mwezi, huku vyombo vikikaa baharini muda mrefu zaidi kwa mzigo uleule, hiyo ni dalili ya kuvuliwa kupita kiasi, nayo huonekana kabla tani hazijaanguka. Nahodha anayejua kwamba lundo lake litapimwa, na kwamba kiwanda cha unga nacho kinakaguliwa mlangoni, ana sababu ya kuachia kundi la wachanga kabla ya kulizungushia wavu, na simu aliyo nayo inamwezesha kuwaambia wenzake kundi hilo liko wapi ili nao wasipoteze mafuta kulifuata.

Mwaka 2022 saradini walirudi Kerala, wakapita tani 100,000. Joto la El Ninyo lile lilikuwa limepita, na vyombo vingi vilikuwa vimeacha kuwafuata kwa sababu hawakuwepo. Kanuni ya sentimita 10 ilikuwa na umri wa miaka saba. Siwezi kugawa sifa kati ya mambo hayo matatu. Ila wanunuzi wa wachanga bado wapo, deni la nyavu bado lipo, na nahodha anayezungushia kundi la sentimita 8 asubuhi hii anafanya hesabu ileile ya 8,000 dhidi ya 450, isipokuwa pale ambapo kuna mtu mwenye rula anamngoja dikoni.